Jozi ya Kani: Kwa Nini Momenti Yake Haitegemei Mahali pa Kupimia

Fundi wa magari anayefungua nati ya gurudumu kwa spana ya msalaba hutumia mikono yote miwili. Mkono wa kulia huvuta tawi moja la spana kwenda juu, wa kushoto hukandamiza tawi la upande wa pili kwenda chini, na nati inalegea. Ukijumlisha kani hizo mbili utapata sifuri, kwa kuwa zinalingana kwa ukubwa na zinapingana kwa mwelekeo. Hata hivyo nati imezunguka. Tujiulize basi: kani mbili ambazo jumla yake ni sifuri zinaacha nini nyuma yake? Na kwa nini hicho kinachobaki kina thamani ileile, popote tutakapochagua kukipimia?

Tuanze na kani moja. Kani ikisukuma kitu, pamoja na kukisukuma inaweza pia kukizungusha, na uwezo huo wa kuzungusha ndio tunaouita momenti ya kani. Lakini momenti haipo mpaka tuseme inapimwa kutoka wapi. Tunachagua nukta moja, tuiite nukta rejea, kisha tunachora mstari ambao kani inaufuata, na kupima umbali wa kutoka nukta hiyo hadi mstari huo kwa pembe mraba. Momenti ni ukubwa wa kani mara umbali huo. Kani ikipimwa kwa nyutoni na umbali kwa mita, momenti hupimwa kwa nyutoni mita. Kama kani inaelekea kuzungusha kinyume cha mwendo wa saa, tutaipa momenti alama ya kujumlisha. Ikielekea upande wa mwendo wa saa, alama ya kutoa.

Maana hiyo ina tokeo moja ambalo wanafunzi hulipita haraka. Momenti ya kani moja ni jibu la swali lenye sehemu mbili: kani gani, na nukta ipi. Badilisha nukta, jibu linabadilika. Ukiweka nukta rejea juu ya mstari wa kani yenyewe, momenti ni sifuri. Ukiisogeza mbali, momenti inakua bila kikomo, ingawa kani haijabadilika hata kidogo. Kwa hiyo mtu akisema kwamba kani fulani ina momenti ya nyutoni mita 100, bila kutaja nukta, hajasema jambo lililokamilika.

Sasa tuchukue gari dogo lenye nati nne kwenye kila gurudumu, mfano wa Vitz. Nati hizo zimepangwa juu ya duara lenye kipenyo cha milimita 100, kwa hiyo kila nati iko sentimita 5 kutoka katikati ya ekseli. Nati za magari ya namna hiyo hukazwa kwa momenti ya takriban nyutoni mita 100, na kwa hesabu yetu tutachukulia kwamba kulegeza kunahitaji kiasi hichohicho. Kwa kweli nati iliyokaa muda mrefu na kushika kutu huhitaji zaidi, lakini hilo halibadilishi hoja.

Spana ya msalaba imelala ili matawi mawili yawe sambamba na ardhi. Kila mkono umeshika sentimita 20 kutoka katikati ya nati, na kila mkono unatoa nyutoni 250, ambayo ni sawa na uzito wa mzigo wa kilo 25 hivi. Mkono wa kulia unavuta juu, wa kushoto unakandamiza chini. Kani mbili za namna hii, zinazolingana kwa ukubwa, zinazopingana kwa mwelekeo, na ambazo mistari yake ni sambamba lakini si mstari mmoja, ndizo zinazoitwa jozi ya kani. Sharti la mwisho ni muhimu. Kama mistari yao ingekuwa mmoja, kani zingefutana kabisa na pasingebaki chochote. Kinachofanya jozi iwe jozi ni ule umbali kati ya mistari, ambao hapa ni sentimita 40.

Tupime momenti kutoka katikati ya nati. Mkono wa kulia: nyutoni 250 mara mita 0.2 ni nyutoni mita 50, kinyume cha mwendo wa saa. Mkono wa kushoto: kani inaelekea chini, lakini iko upande wa kushoto, kwa hiyo nayo inazungusha kinyume cha mwendo wa saa, nyutoni mita 50 nyingine. Jumla ni 100. Hadi hapa hakuna la kushangaza, maana tumepima kutoka mahali ambapo kila mtu angepachagua.

Tusogeze nukta rejea. Tuseme nati tunayoifungua ni ile iliyo upande wa kushoto wa ekseli, nasi tunataka kujua momenti ikipimwa kutoka katikati ya ekseli. Mkono wa kulia sasa uko sentimita 15 tu kulia kwa ekseli, kwa hiyo momenti yake imepungua kutoka 50 hadi 37.5. Mkono wa kushoto uko sentimita 25 kushoto kwa ekseli, na momenti yake imeongezeka hadi 62.5. Kilichopotea upande mmoja kimeingia upande wa pili, na jumla imebaki 100.

Twende mbali zaidi, mahali ambapo hakuna fundi ambaye angefikiria kupimia. Weka nukta rejea mita 2 kulia kwa nati, karibu na gurudumu la nyuma. Sasa mikono yote miwili iko upande mmoja wa nukta, yaani kushoto kwake. Mkono wa kulia, ulio mita 1.8 kutoka nukta, unavuta juu, na kani inayoelekea juu upande wa kushoto wa nukta huzungusha kwa mwendo wa saa. Momenti yake ni 450, yenye alama ya kutoa. Mkono wa kushoto, ulio mita 2.2 kutoka nukta, unakandamiza chini, na momenti yake ni 550, yenye alama ya kujumlisha. Ukitoa 450 katika 550 unabaki na 100. Namba zenyewe zimekuwa kubwa mno kuliko zile za mwanzo, mojawapo imegeuza alama, lakini tofauti iliyobaki ni ileile.

Mifano mitatu si uthibitisho. Ili kuthibitisha, tuache namba na tuweke herufi. Ukubwa wa kila kani uwe F, umbali kati ya mistari miwili uwe d, na umbali wa kutoka nukta rejea hadi mstari ulio karibu zaidi uwe x. Nukta ikiwa nje ya mistari yote miwili, kani ya karibu inazungusha upande mmoja kwa kiasi cha Fx, na kani ya mbali inazungusha upande wa pili kwa kiasi cha F(x + d). Tukizijumlisha kwa alama zake:

M = F(x + d) − Fx = Fd

Herufi x imetoweka. Nukta ikiwa kati ya mistari, kani zote mbili zinazungusha upande mmoja, na hesabu inakuwa Fx + F(d − x), ambayo nayo ni Fd. Nukta ikiwa juu ya mstari mmoja, kani ya mstari huo haina momenti, na nyingine ina Fd peke yake. Hakuna mahali pengine pa kuiweka nukta, isipokuwa kuipandisha au kuishusha sambamba na mistari, na hilo halibadilishi umbali wowote. Kwa hiyo momenti ya jozi ni kani moja mara umbali kati ya mistari.

Hapa walimu wengi hufunga daftari. Lakini inafaa tuulize x imetoweka kwa sababu gani hasa, maana aljebra inaonyesha kwamba imetoweka bila kueleza kwa nini. Tazama nini kinatokea nukta rejea inaposogea kwa umbali fulani. Momenti ya kila kani inabadilika kwa kiasi kinacholingana na kani hiyo mara umbali wa kusogea. Kwa kuwa umbali wa kusogea ni uleule kwa kani zote, badiliko lote kwa pamoja ni jumla ya kani mara umbali huo. Jumla ya kani ikiwa sifuri, badiliko ni sifuri. Basi sababu haiko katika umbo la spana, wala katika kuwapo kwa kani mbili tu. Kani tano, au ishirini, zenye mielekeo mbalimbali, nazo zitakuwa na momenti isiyotegemea nukta rejea, mradi jumla yake ni sifuri. Jozi ni mfano mdogo kabisa wa hali hiyo: kani moja haiwezi kujifuta yenyewe, kwa hiyo zinahitajika angalau mbili.

Aliyeitenga jozi na kuifanya kitu cha kushughulikiwa chenyewe ni Mfaransa Louis Poinsot, katika kitabu chake cha statiki cha mwaka 1803. Kanuni ya wenzo ilikuwa inajulikana tangu zama za Arkimedi, na ilijulikana pia namna ya kuzibadilisha kani mbili sambamba kuwa kani moja yenye athari ileile. Jozi ndiyo inayokataa kubadilishwa, na inafaa kuona inavyokataa. Tuseme mkono mmoja unatoa nyutoni 250 na mwingine nyutoni 240, kwa mielekeo inayopingana, umbali ukiwa ule ule wa sentimita 40. Kani moja inayoweza kuchukua nafasi ya hizo mbili ni nyutoni 10, na ili momenti zilingane lazima iwekwe mita 9.6 nje ya ile kani kubwa. Punguza tofauti hadi nyutoni 1, yaani 250 kwa 249, na kani hiyo moja lazima iwekwe mita 99.6 mbali. Kadiri kani mbili zinavyokaribia kulingana, kani mbadala inadhoofika na mahali pake panakimbia. Zikilingana kabisa, tungehitaji kani ya ukubwa wa sifuri iliyowekwa mahali pasipo na mwisho, na kitu kama hicho hakipo. Kwa hiyo hakuna kani moja inayoweza kufanya kazi ya jozi, wala kuizuia. Jozi huzuiwa na jozi nyingine.

Linganisha sasa na spana ya kawaida inayokuja na gari, ile yenye mpini mmoja. Mpini una urefu wa sentimita 40, umeelekezwa kushoto, na fundi anakandamiza ncha yake kwa nyutoni 250. Momenti kutoka katikati ya nati ni 100, sawa kabisa na ya spana ya msalaba. Lakini tukipima kutoka ekseli, nati ikiwa upande wa kushoto, mkono uko sentimita 45 kutoka ekseli na momenti ni 112.5. Nati ikiwa upande wa kulia, mkono uko sentimita 35 kutoka ekseli na momenti ni 87.5. Kwa nati za juu na chini ni 100. Kazi ni ileile kwa kila nati, ilhali gurudumu zima linasukumwa kuzunguka kwa kiasi kinachotofautiana kutoka nati moja hadi nyingine. Kwa spana ya msalaba, gurudumu linapokea 100 kwa kila nati, bila kujali nati iko wapi.

Hapo msomaji makini atainua mkono. Kama momenti ya jozi ni nyutoni mita 100 kutoka kila nukta, basi ni 100 pia kutoka katikati ya nati ya pili, na ya tatu, na ya nne. Mbona hizo hazifunguki? Swali hili ni zuri kuliko mengi yaliyo kwenye mitihani, kwa sababu linagusa mahali ambapo kanuni inaweza kueleweka vibaya.

Jibu ni kwamba momenti, hata ya jozi, ni hesabu inayohusu kani zinazotenda juu ya kitu fulani, na nukta rejea ni mahali pa kuhesabia tu. Kuiweka nukta juu ya nati ya pili hakufanyi kani zitende juu ya nati hiyo. Spana imeshika nati ya kwanza. Nati hiyo inaipitisha jozi kwenye rimu na bolti kwa njia ya msuguano, pale nati inapogandamana na rimu na katika nyuzi za bolti, mpaka msuguano ushindwe na nati iteleze. Nati ya pili, ukiichukua peke yake, haikuguswa na spana. Inachopokea ni mabadiliko madogo tu yanayopita kwenye chuma cha rimu. Kwa hiyo kauli kamili ni hii: jozi inaweza kuhamishwa kutoka mahali pamoja kwenda pengine bila kubadilisha mwendo wa kitu kigumu kwa ujumla wake, lakini yanayotokea ndani ya kitu hicho yanabadilika. Bolti inayosokotwa ni ile iliyoshikwa. Mhandisi anayekagua kama bolti itakatika hana ruhusa ya kuihamisha jozi, ila yule anayeuliza kama gari litasogea anayo.

Na swali la kama gari, au gurudumu lake, litasogea lina maana yake ya kazi. Tuchukue gurudumu la mbele, gia ikiwa huru na breki ya mkono ikiwa imeshika magurudumu ya nyuma. Gurudumu hilo linapokea jozi ya nyutoni mita 100. Nani anaizuia? Tumeshaona kwamba ni lazima iwe jozi nyingine. Tairi likiwa chini, ardhi inalisukuma kwa msuguano kuelekea upande mmoja, na ekseli inalisukuma kuelekea upande wa pili kwa kani inayolingana. Umbali kati ya mistari ya kani hizo ni kimo cha ekseli kutoka ardhini, takriban sentimita 28 kwa gari la ukubwa huo. Gawanya 100 kwa 0.28 na utapata kani ya nyutoni 357 hivi. Gurudumu la mbele la gari dogo hubeba uzito wa takriban nyutoni 2,500, na barabara kavu inaweza kutoa msuguano wa zaidi ya nusu ya uzito huo. Kwa hiyo nyutoni 357 ni kidogo, na gurudumu linatulia wakati nati inafunguka.

Inua gurudumu hilo kwa jeki na ardhi haipo tena. Ekseli bado inaweza kusukuma, lakini kani moja haiwezi kuizuia jozi, hata iwe kubwa namna gani. Gurudumu linazunguka pamoja na spana, na nati haifunguki. Hiyo ndiyo sababu nati hulegezwa gari likiwa chini, kisha ndipo jeki ipandishwe. Wala hakuna faida ya kuchagua nati nyingine ukitumaini kwamba kwa mahali pake gurudumu litatulia: jozi yake juu ya gurudumu ni ileile 100.

Kuna tofauti nyingine kati ya spana mbili, nayo huonekana kwenye pembe za nati. Mpini wa spana haukai kwenye bapa la gurudumu. Umechomoza nje kwa kiasi, tuseme sentimita 10. Kani moja ya nyutoni 250 inayokandamiza chini nje ya bapa hilo ina momenti ya pili, ya 250 mara 0.1, yaani nyutoni mita 25, ambayo haizungushi nati bali inaipindua spana itoke kwenye nati. Soketi inainama, inashika nati kwa ncha za pembe zake badala ya nyuso zake, na pembe zinaviringika. Ukiona nati yenye pembe zilizoliwa, mara nyingi ndiyo historia yake. Kwa mikono miwili, kani ya juu na ya chini zote ziko umbali uleule wa sentimita 10 kutoka bapa la gurudumu, momenti zake za kupindua ni 25 na 25 zenye alama zinazopingana, na zinafutana. Jozi haijali kama iko kwenye bapa la gurudumu au sambamba nalo mbele yake.

Bila shaka mikono ya binadamu hailingani kabisa. Wengi wetu tuna mkono mmoja wenye nguvu zaidi, na kukandamiza ni rahisi kuliko kuvuta kwa sababu uzito wa mwili unasaidia. Tuseme wa kushoto unatoa nyutoni 300 na wa kulia 200. Momenti kutoka katikati ya nati ni 60 na 40, jumla bado 100. Lakini jumla ya kani si sifuri tena. Kuna nyutoni 100 zinazoelekea chini bila mwenzi. Tunaweza kuzigawa kani hizo katika sehemu mbili: jozi ya nyutoni mita 100, na kani moja ya nyutoni 100 inayopita katikati ya nati. Sehemu ya kwanza haitegemei nukta. Sehemu ya pili inategemea: kutoka ekseli itaongeza au kupunguza nyutoni mita 5 kwa nati za pembeni, na itaipindua spana kwa momenti ya nyutoni mita 10 badala ya 25. Kwa hiyo mikono isiyolingana haivunji kanuni, wala haipotezi faida yote. Inachorudisha ni utegemezi wa nukta kwa kadiri ya kani iliyobaki bila kufutwa.

Limebaki jambo moja, ambapo kutofautisha jozi na kani moja si suala la nadharia tena. Nati za gurudumu zinapofungwa kwa mara ya mwisho, fundi makini hutumia spana ya kupimia momenti, ile inayolia inapofikia kiwango kilichowekwa. Kifaa hiki kina mpini mmoja, kwa hiyo kinatumia kani moja. Tena ndani yake, kiungo kinachopima hakiko katikati ya nati, bali kiko sentimita chache kutoka hapo kuelekea mpini. Tuseme ni sentimita 4, na sehemu ya kushika iko sentimita 40 kutoka katikati ya nati. Nyutoni 250 zinapotoa 100 kwenye nati, kwenye kiungo zinatoa 250 mara 0.36, yaani 90. Mtengenezaji anajua tofauti hiyo, na ameipanga spana ilie kiungo kinapopata 90 huku kipimo cha nje kikisoma 100.

Mpangilio huo ni sahihi mradi mkono uko mahali palipokusudiwa. Shika karibu zaidi, sentimita 30 kutoka nati: ili kiungo kipate 90 unahitaji kani ya nyutoni 346, na nati inapata karibu 104. Ongeza bomba ili mkono uwe sentimita 80: kani inayotosha ni nyutoni 118, na nati inapata karibu 95. Na mtu akitumia mikono miwili kwenye mpini huohuo, mmoja ukivuta na mwingine ukisukuma kwa kiasi kinacholingana, atakuwa ameweka jozi kamili. Jozi ina momenti moja kila mahali, kwenye kiungo na kwenye nati vilevile. Spana italia kiungo kikipata 90, na nati nayo itakuwa na 90, wakati kipimo kinasoma 100.

Kwa hiyo fungua nati kwa spana ya msalaba na mikono miwili. Unapozikaza kwa spana ya kupimia, shika mpini katikati ya sehemu yake ya kushikia, kwa mkono mmoja unaovuta, bila bomba.